Kitufe cha Kujiondoa Kwenye Barua za Matangazo

Barua pepe ya matangazo ina sehemu mbili. Moja ni ile inayosomwa: picha za viatu, bei iliyokatwa, salamu za sikukuu. Nyingine hufichwa na programu ya barua kwa sababu si ya kusomwa na watu. Hiyo ndiyo kichwa cha barua, mistari kadhaa ambayo mashine huandikiana kuhusu barua ilikotoka, ilikopitia na nani aliyeitia saini. Ni kama mihuri na maandishi ya posta juu ya bahasha: mpokeaji haijali, lakini bila hiyo barua isingefika. Katika kichwa cha barua zinazotumwa kwa watu wengi kwa mkupuo, mara nyingi kuna mstari unaoanza na `List-Unsubscribe`. Mstari huo humwambia msomaji wa kimashine mahali pa kupeleka ombi la mtu asiyetaka tena barua hizo.

Gmail ikiuona mstari huo na kuridhika na mtumaji, huweka neno `Unsubscribe` kando ya jina lake, juu kabisa ya barua. Programu ya barua ya iPhone huweka utepe unaosema kwamba barua imetoka kwenye orodha, pamoja na kiungo cha kujitoa. Mahali hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Kitufe cha juu hakikuchorwa na mtumaji. Kimechorwa na programu, nje ya eneo ambalo mtumaji anaruhusiwa kuandika, nayo programu ndiyo inayoamua kama kionekane na kikibofywa kifanye nini.

Maneno ya kijivu yaliyo chini ya barua ni habari nyingine. Yale ni sehemu ya barua yenyewe. Mtumaji anaweza kuandika kwamba kubofya hapo ni kujiondoa, kisha akakielekeza kiungo kwenye ukurasa wenye maswali kumi, kwenye ukurasa unaodai nenosiri, au kwenye mtego uliotengenezwa kuiba akaunti. Anaweza hata kuchora, ndani ya barua, kitu kinachofanana sana na kitufe cha Gmail. Hawezi kukipandisha kule juu kwenye mstari wa jina lake.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwezi Julai 1998 ulitoka waraka wa kiufundi unaoitwa RFC 2369, uliopendekeza mistari michache ya kichwa kwa ajili ya orodha za barua: wa kuomba msaada, wa kujiunga, wa kujitoa, na mingineyo. Wakati ule orodha zilikuwa zaidi za watu wenye shughuli moja wakijadiliana, na kero yake ilijulikana: mtu aliyechoka aliandika "nitoeni" na barua yake ikawafikia wanachama wote, ambao nao walianza kumjibu. Mstari wa `List-Unsubscribe` uliipa programu anwani sahihi ya kupeleka ombi hilo kimya kimya. Anwani hiyo ingeweza kuwa ya barua pepe, inayoanza na `mailto:`, au ya ukurasa wa intaneti.

Anwani ya barua pepe haikuwa na tatizo kubwa. Programu iliandika barua tupu na kuituma. Anwani ya ukurasa ndiyo iliyoleta taabu, nayo ilitoka mahali pasipotarajiwa. Seva nyingi za barua, hasa za maofisi, huwa na vichujio vya usalama vinavyofungua viungo vya barua kabla ya mpokeaji kuifikia ili kuchungulia kama kuna hatari. Ikiwa kufungua kiungo peke yake kulitosha kumwondoa mtu kwenye orodha, kichujio kilimwondoa bila mwenyewe kujua. Watumaji wakajikinga kwa kuweka ukurasa wa kuuliza kama kweli mtu anataka kuondoka. Kinga hiyo ikaua kusudi la mwanzo, maana programu haikuweza tena kulimaliza ombi yenyewe. Ilimpeleka mtu kwenye ukurasa wa mtumaji, na huko kila mtumaji alikuwa na mambo yake.

Ufumbuzi ulikuja Januari 2017 katika waraka mwingine, RFC 8058. Umejengwa juu ya tofauti ambayo intaneti imekuwa nayo tangu zamani. Kivinjari kinapofungua ukurasa, hutuma ombi la aina ya `GET`, ambalo ni la kusoma tu. Kinapopeleka fomu iliyojazwa, hutuma ombi la aina ya `POST`. La kwanza ni kama kusimama mbele ya ubao wa matangazo na kusoma. La pili ni kutumbukiza karatasi kwenye sanduku la maoni. Vichujio vya usalama husoma ubao, lakini havitumbukizi karatasi. Basi ikakubaliwa kwamba kujiondoa kwa mbofyo mmoja kufanyike kwa `POST` pekee, na kwamba mtumaji aliye tayari kwa hilo aongeze mstari wa pili kwenye kichwa.

Mfano ufuatao ni wa duka la kubuni linalotuma jarida la wiki. Kichwa cha barua yake, kikipunguzwa hadi mistari inayohusika, kingekuwa hivi:

```
From: Duka la Mfano <jarida@duka.example>
List-Unsubscribe: <https://duka.example/ondoa/7fK2pQ9x>,
 <mailto:ondoa@duka.example?subject=7fK2pQ9x>
List-Unsubscribe-Post: List-Unsubscribe=One-Click
```

Mstari wa `List-Unsubscribe` una anwani mbili, kila moja ndani ya mabano yenye ncha. Ya kwanza ni ya ukurasa na ni lazima ianze na `https`. Ya pili ni ya barua pepe, kwa programu zisizojua njia mpya. Herufi `7fK2pQ9x` ni alama ya mpokeaji mmoja katika orodha moja. Kila mtu hupewa yake, nayo inatakiwa iwe ngumu kubahatisha, la sivyo mchokozi angekaa akijaribu namba moja baada ya nyingine na kuwaondoa wateja wote wa duka. Mstari wa mwisho ni ahadi: duka linasema kwamba likipokea maneno `List-Unsubscribe=One-Click` kwenye anwani ile, litamwondoa mtu huyo bila kuuliza swali lingine.

Mtu anapobofya kitufe cha juu, programu kwanza humuuliza kama amekusudia. Akikubali, hiki ndicho kinachotumwa:

```
POST /ondoa/7fK2pQ9x HTTP/1.1
Host: duka.example
Content-Type: application/x-www-form-urlencoded
Content-Length: 26

List-Unsubscribe=One-Click
```

Ombi lenyewe ni fupi mno. Halina jina, nenosiri wala anwani ya mpokeaji, kwa sababu alama ya siri imeshasema ni nani. Jambo lisiloonekana hapo ndilo la kuzingatia zaidi: hakuna vidakuzi. Vidakuzi ni vile vipande vidogo vya kumbukumbu ambavyo tovuti huacha kwenye kivinjari ili imtambue mtu aliyekwisha kuingia kwenye akaunti yake. RFC 8058 inakataza ombi hili kubeba vidakuzi au utambulisho wowote wa aina hiyo. Sababu yake inaonekana mara tu mtu anapofikiri kama mhalifu. Tuseme mhalifu ameandika kwenye kichwa cha barua yake, mahali pa anwani ya kujitoa, anwani ya benki au ya mtandao wa kijamii ambako mpokeaji ameingia tayari. Kama ombi lingekwenda na vidakuzi, tovuti ile ingedhani mwenye akaunti mwenyewe ameagiza jambo fulani. Likienda bila vidakuzi, hufika kama mgeni asiyejulikana, na maneno pekee aliyobeba ni yale yale ya `One-Click`, ambayo kwa benki hayana maana yoyote.

Hata kivinjari hakifunguki. Mtu hubaki pale pale kwenye barua yake, na ukurasa wa mtumaji hauonekani kabisa. Hiyo ndiyo maana ya kukiita salama: hakuna mahali pa kumtega mtu ambaye hakupelekwa popote.

Bado kuna swali la nani aliyeiandika mistari hiyo. Kichwa cha barua ni maandishi tu, na barua hupita kwenye seva kadhaa njiani. Kwa hiyo waraka unataka mistari yote miwili ya kujitoa iwe imetiwa saini kwa mfumo unaoitwa DKIM. Seva ya mtumaji hupiga hesabu juu ya mistari iliyochaguliwa, ikaifunga kwa ufunguo wa siri, na kuandika matokeo yake kwenye mstari wa `DKIM-Signature`. Ndani ya mstari huo, herufi `d=` hutaja kikoa kilichotia saini, na `h=` hutaja mistari iliyofunikwa na saini:

```
DKIM-Signature: v=1; a=rsa-sha256; d=duka.example; s=k1;
 h=from:subject:date:list-unsubscribe:list-unsubscribe-post; ...
```

Seva inayopokea huchukua ufunguo wa wazi wa kikoa hicho, uliowekwa hadharani kwenye mfumo wa majina ya intaneti, na kuhakiki. Kama mtu amebadilisha hata herufi moja ya anwani ya kujitoa baada ya barua kuondoka, hesabu haitatimia. Msomaji anayetaka kuona haya kwa macho yake, akiwa kwenye Gmail ya kompyuta, hufungua barua, hubofya nukta tatu upande wa kulia na kuchagua `Show original`. Juu ya ukurasa unaofunguka huonyeshwa kama DKIM imepita na kwa kikoa gani, na chini yake hufuata kichwa chote.

Kwa miaka kadhaa mistari hii ilikuwa ya hiari, na wafanyabiashara wengi hawakuona faida ya kurahisisha kuondoka kwa wateja wao. Mambo yalibadilika Oktoba 2023, Google na Yahoo zilipotangaza masharti mapya kwa wanaotuma barua nyingi. Kwa upande wa Google, anayehesabiwa kuwa mtumaji mkubwa ni yule anayefikisha karibu barua 5,000 kwa siku kwenye akaunti binafsi za Gmail. Masharti ya saini yalianza Februari 2024. Kitufe cha mbofyo mmoja kwenye barua za matangazo kilipewa muda hadi Juni mwaka huo, na ombi la kujitoa likatakiwa litimizwe ndani ya siku mbili. Sheria ya Marekani ya mwaka 2003 kuhusu barua za biashara inampa mtumaji siku 10 za kazi, kwa hiyo hapa kampuni mbili za barua zimekuwa kali kuliko serikali. Wala haikuhitajika mahakama: asiyetii, barua zake huchelewa, hukataliwa au huishia kwenye barua taka.

Sharti la kitufe haligusi stakabadhi za malipo, namba za kuthibitisha kuingia kwenye akaunti, wala taarifa za nauli na safari. Barua za namna hiyo hazilazimiki kuwa na kitufe.

Sasa upande wa pili. Saini ya DKIM inathibitisha kwamba kikoa fulani kimeandika mistari fulani. Haisemi neno lolote kuhusu tabia ya mwenye kikoa. Tapeli anaweza kununua kikoa leo asubuhi, akaweka ufunguo wake, akatia saini halali kabisa kwenye barua ya uongo, na akaongeza mistari yote miwili ya kujitoa ili barua ifanane na za kampuni zinazojiheshimu. Kinachobaki kumzuia ni sifa: Gmail ilipoleta huduma hii mwaka 2009 ilieleza kwamba kitufe kingeonekana kwa watumaji wenye sifa nzuri tu. Lakini sifa ni makadirio, na si kila programu ya barua inaipima kwa ukali ule ule. Programu ndogo inaweza kuonyesha kitufe kwa kila barua yenye mstari wa `List-Unsubscribe`, iwe imetoka kwa nani.

Swali la kwanza basi ni kama mpokeaji anamfahamu mtumaji. Kwa duka alilowahi kununua, gazeti alilojiandikisha, au chuo alichoulizia kozi, kubofya hakumpi mtumaji habari mpya, maana alikwisha kujua kuwa anwani ni ya mtu. Kwa mtumaji asiyejulikana hali ni tofauti. Ombi lenye alama ya siri likifika kwake, linamjulisha kwamba kwenye sanduku lile kuna mtu anayefungua na kusoma. Anwani iliyothibitishwa hivyo ina thamani kwa wauzaji wa orodha. Njia ya `mailto:` ni mbaya zaidi kwa hili, kwa sababu programu hutuma barua kamili kutoka kwenye anwani ya mpokeaji mwenyewe, pengine pamoja na jina lake. Barua ya namna hiyo haistahili ombi la kujitoa. Inastahili kuripotiwa kuwa taka, na hapo mtumaji hapelekewi ombi lolote la kujitoa, huku kichujio kikipata fundisho.

Dalili ya pili huonekana baada ya kubofya. Kitufe cha kweli cha mbofyo mmoja huishia ndani ya programu. Kama badala yake programu inasema mtu aende kwenye tovuti ya mtumaji, maana yake ni kwamba mstari wa `List-Unsubscribe-Post` haupo au haukukubaliwa, na kinga zote zilizoelezwa juu hazifanyi kazi tena. Mtu amerudi kule kule kwa kiungo cha kijivu cha chini ya barua. Hilo si lazima liwe hila. Mashirika mengi madogo hayajaongeza mstari wa pili kwa uzembe tu. Lakini ukurasa unaofunguka ukidai nenosiri, namba ya kadi, namba ya kitambulisho, au kupakua kitu, jibu ni kuufunga. Kuondoka kwenye orodha hakuhitaji kimojawapo cha hivyo.

Kwa mfano, barua hii inajifanya imetoka kwenye idara ya malipo:

```
From: Idara ya Malipo <taarifa@malipo-haraka.example>
List-Unsubscribe: <https://bofya.example/u?e=asha@barua.example>
DKIM-Signature: v=1; a=rsa-sha256; d=zawadi77.example;
 h=from:subject:date; ...
```

Kasoro zake zinasomeka. Hakuna mstari wa `List-Unsubscribe-Post`. Anwani ya mpokeaji imeandikwa wazi ndani ya kiungo badala ya alama ya siri, kwa hiyo yeyote anayeweza kuandika anwani ya mtu mwingine anaweza kumwondoa. Saini haikufunika mstari wa kujitoa, maana `h=` haiutaji. Na vikoa ni vitatu visivyohusiana: kimoja kinadai kutuma, kingine kimetia saini, cha tatu kinapokea maombi.

Kasoro hii ya mwisho inahitaji tahadhari, kwa sababu wengi huirukia kuwa ushahidi kamili. Kampuni nyingi halali hazitumi jarida lake zenyewe. Huikodi huduma ya kutuma barua kwa mkupuo, na anwani ya kujitoa ikawa kwenye kikoa cha huduma hiyo. Pia ni kawaida barua kuwa na saini mbili, ya kampuni na ya huduma. Vikoa kutofautiana si uhalifu. Kinachotia shaka ni pale ambapo hakuna saini hata moja inayolingana na kikoa kilicho kwenye `From`. Mtu akitaja jina la benki yake na saini yote ikatoka kwa wengine, barua hiyo haina mwenyewe.

Kuna pia hatari ndogo isiyotokana na tapeli. Mtu akimpelekea rafiki jarida zuri, kiungo cha kujitoa kilicho chini ya barua huenda nacho, kikiwa na alama ya siri ya aliyempelekea. Rafiki akikibofya akidhani anajizuia yeye, anamwondoa mwenzake. Mistari ya kichwa kwa kawaida haifuati barua iliyopelekwa kwa njia hiyo, kwa hiyo kitufe cha juu hakina kosa hili. Ila pale sanduku moja linapoelekezwa lihamishe barua zote kwenda sanduku jingine, kichwa husafiri chote, na katika sanduku la ofisi linalosomwa na watu watano, mmoja anaweza kuwaondolea wote jarida.

Na mara nyingine kitufe hubofywa, programu husema imekamilika, na barua zinaendelea. Barua moja au mbili ndani ya siku mbili za kwanza zinaweza kuwa zilikuwa njiani tayari. Zikiendelea wiki ya pili, inafaa kulinganisha vichwa vya barua ya zamani na mpya. Kama alama ya siri imebadilika na kikoa ni kile kile, huenda mtu yumo kwenye orodha mbili za mtumaji mmoja, ya ofa na ya habari, na ameondolewa kwenye moja. Kitufe kwenye barua ya pili kitamaliza. Kama alama ni ile ile, ombi limepuuzwa, na kinachobaki ni kuripoti taka au kumzuia mtumaji.